Karata ya Wapenzi ikiangukia mahali pa moyo wa mwenzio

Anayeanza kusoma karata za taroti, akiona namba 6, Wapenzi, imeangukia penye hisia za mtu anayeulizwa habari zake, hukimbilia kusema: "Anakupenda, tulia." Mvuto upo kweli, na una nguvu. Lakini tangu zamani hii ni karata ya kuchagua. Katika seti ya Marseille mwanamume amesimama kati ya wanawake wawili, na juu yao kijitoto chenye mabawa kimevuta upinde.

Wengi wetu tunatumia seti aliyoichora Pamela Colman Smith, iliyotoka London mwaka 1909. Hapo yataka uyatazame macho. Mwanamume anamwangalia mwanamke, naye mwanamke amemwinulia uso malaika. Kwa hiyo anayeulizwa ana macho mawili: moja liko kwako, la pili liko kwa kile anachokiona kina haki ya kumwongoza, kama dini yake, ahadi aliyoitoa au radhi ya wazazi. Macho hayo yakikubaliana, hisia zimetulia. Yasipokubaliana, anapenda huku anasita, na karata jirani ndizo zitakazokwambia.

Chukua mfano wa binti wa Langoni, Lamu, anayeuliza habari za kijana anayefanya kazi Mombasa, anayepiga simu kila usiku lakini posa haleti. Unatandaza karata tatu: ya kushoto ni yeye binti, ya kati ni moyo wa kijana, ya kulia ni mambo yanakoelekea. Kati wametoka Wapenzi, wima. Kulia imetoka Mbili ya Panga: mwanamke amefungwa kitambaa machoni, amepishanisha panga mbili kifuani, bahari iko nyuma yake. Kijana anampenda, na uamuzi ameukalia.

Hapa wanaoanza huropoka, "Ana mwanamke mwingine." Karata hizi mbili hazijasema hivyo. Ongeza moja tu juu ya Wapenzi, uulize kinachomzuia. Moja inatosha, maana ukifika ya tatu utakuwa unatafuta jibu unalolitaka. Tuseme imekuja Kumi ya Sarafu: mzee ameketi na mbwa wake wawili, na karibu yake mume na mke chini ya tao. Basi kizuizi kiko nyumbani kwao, kwa wakubwa na mali ya ukoo. Ingekuwa Saba ya Vikombe, yenye vikombe vinavyoelea mawinguni, hapo ungesema macho yake yanatangatanga.

Wapenzi wakija kichwa chini, usisome "hakupendi". Mara nyingi mvuto ungalipo ila wanayoyathamini hayalingani, au anaukimbia uamuzi.

Binti akiuliza, "Basi atanioa?", mwambie mahali pale pameonyesha hisia za sasa, na ndoa ni swali jingine. Kilichoonekana ni hiki: anampenda, na hajalipeleka jambo kwao. La kumuuliza kijana usiku huo kwenye simu ni kama mama wa kijana anajua habari za binti.