Majina yamelingana, lakini somo bado linaegemea upande mmoja

SWALI: Nafundisha fizikia. Baada ya mafunzo kuhusu ufundishaji unaozingatia jinsia nilipitia maandalio yangu yote nikahakikisha mifano ina majina ya kike na ya kiume kwa idadi sawa, na vikundi vyote vimechanganywa. Hata hivyo, mwalimu aliyekuja kuniangalia darasani amesema bado naegemea upande mmoja zaidi. Je, nichunguze nini ambacho sijakichunguza?

JIBU: Mwalimu mwenzangu, ulichohesabu ni uwepo. Kilichobaki ni kuhesabu kazi, yaani nani anafanya nini katika mfano, nani anaulizwa swali la aina gani, na mikono ya nani iko kwenye vifaa wakati wa jaribio. Huenda mwenzako aliyaona hayo bila kuwa na namna ya kuyaandika, kwa hiyo nitaeleza namna ya kuyaandika.

Anza na andalio lenyewe, kabla ya kuingia darasani. Chukua kila mfano unaotaja mtu na upigie mstari kitenzi badala ya jina. Katika somo la sakiti ya umeme unaweza kukuta kwamba Juma anaunga waya, Baraka anapima mkondo na Hamisi anagundua kwa nini balbu haiwaki, huku Asha akiwasha taa, Neema akishangaa balbu inavyong'aa na Rehema akimwomba kaka yake arekebishe swichi. Majina ni matatu kwa matatu, lakini vitenzi vya kupima, kuunga na kugundua vyote viko upande mmoja, na upande wa pili umebaki na kutumia, kushangaa na kuomba. Kubadilishana majina kote kunageuza tu upendeleo, hakuuondoi. Changanya vitenzi hivyo ili katika mifano ya somo zima kila jinsia ionekane ikitatua na ikisaidiwa.

Lugha yetu nayo ina mtego wake hapa. Kiambishi cha nafsi hakionyeshi jinsia, na sentensi kama "fundi alipima waya" inaonekana haina upendeleo wowote. Lakini mwanafunzi anaposikia neno fundi hujaza picha iliyomo kichwani mwake. Ukitaka kujua wanajaza nini, waambie wampe fundi huyo jina, kila mmoja aandike lake kwenye kipande cha karatasi bila kushauriana, kisha uhesabu. Karatasi nyingi zikiwa na majina ya jinsia moja, utajua kwamba mfano usiotaja jina haujawa huru kama ulivyodhani, na kwamba hapo panahitaji fundi mwenye jina.

Sasa ushiriki, ambako ndiko mambo mengi hujificha. Mwombe mwalimu mwenzako akae nyuma akiwa na mchoro wa madawati, naye aweke alama kwenye nafasi ya kila mwanafunzi unayemwita: "K" kwa swali la kukumbuka, kama vile kutaja kipimo cha mkondo, na "F" kwa swali la kufikiri, kama vile kueleza kwa nini balbu ya pili imefifia. Aweke duara pale unapoendelea na mwanafunzi yuleyule kwa swali la pili badala ya kumhamia mwingine.

Tuseme darasa lina wanafunzi 48, wasichana 26 na wavulana 22, na katika somo hilo umeuliza maswali 32. Wasichana wamejibu 14, wavulana 18. Ukitazama juu juu tofauti ni ndogo, lakini kwa kuwa wasichana ni wengi zaidi, mgawo wao wa haki ungekuwa karibu 17. Hilo bado si tatizo kubwa, kwa sababu pengo la maswali matatu katika somo moja linaweza kutokea kwa bahati tu. Tazama sasa herufi. Maswali ya kufikiri yalikuwa 12, na 10 kati yake yamekwenda kwa wavulana, ilhali katika yale 20 ya kukumbuka wasichana wamepata 12. Kwa maneno mengine, wasichana waliitwa kutaja na wavulana wakaitwa kueleza, na hakuna jumla ya maswali ambayo ingekuonyesha hilo. Angalia pia alama za wavulana zimekaa wapi. Ikiwa majibu yote 18 yametoka kwa wavulana sita wa madawati ya mbele, basi wavulana 16 nao hawakusikika, na kumwita kila aliyenyoosha mkono kumewanyima wao pia.

Sababu yake ya kawaida ni mwendo wa mwalimu, wala si nia yake. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi nchini Marekani, alionyesha kwamba walimu kwa kawaida husubiri takriban sekunde moja tu baada ya kuuliza, na kwamba kusubiri sekunde tatu au zaidi huongeza urefu wa majibu na idadi ya wanaojibu. Sekunde moja humtosha anayejibu kwa papara, na swali la kufikiri ndilo linaloumia zaidi. Kwa maswali ya "F", basi, uliza, waache wote waandike jibu fupi kwa dakika moja, kisha vuta kijiti chenye jina. Aliyekwisha kuandika ana kitu mkononi, na kumwita hakumwaibishi.

Kuhusu vikundi, kuchanganya peke yake hakutoshi, na mara nyingine huongeza tatizo. Usimweke msichana mmoja kati ya wavulana watano, wala mvulana mmoja kati ya wasichana watano, maana huyo wa pekee hunyamaza upesi. Katika kikundi cha sita, watatu kwa watatu panafaa zaidi. Kisha mwangalizi achague vikundi viwili na, katika jaribio la dakika 20, avitazame kila baada ya dakika nne na kuandika mambo mawili tu: nani ameshika vifaa, na nani anaandika. Atapata picha 10. Ikiwa katika picha tisa koleo na waya viko mikononi mwa mvulana, na katika nane kalamu iko kwa msichana, kikundi chako kilichochanganywa vizuri kimegawana kazi kwa mazoea ya zamani: mmoja anajifunza kuunga sakiti na mwingine anajifunza kuandika alichokifanya mwenzake. Wote wawili watakuwa na ripoti nzuri kwenye daftari, na ndiyo sababu kusahihisha madaftari hakukuonyeshi chochote.

Dawa yake ni kadi za majukumu (mshika vifaa, msomaji wa ammita, mwandishi, msemaji) zinazozunguka ndani ya kipindi kilekile kila hatua ya jaribio inapokwisha. Zikizunguka mara moja kwa wiki, kuna atakayekosa wiki yake. Na wakati wa kusaidia, usichukue waya kutoka kwa mwanafunzi aliyekwama. Muulize ameunga wapi kwanza. Mwangalizi aandike pia mara ngapi umemfanyia mwanafunzi kazi na mara ngapi umemwelekeza kwa maneno, kwa sababu hapo walimu wengi wenye nia njema huwafanyia wasichana na kuwaelekeza wavulana.

Usihukumu kwa kipindi kimoja. Rudia uangalizi huo katika vipindi vitatu vya mada tofauti, kwa mchoro uleule wa madawati, na ukipata nafasi ya kurekebisha jambo moja tu kwanza, anza na mgawo wa maswali ya "F".