Tangazo la moto nililobandika mara mbili

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Morogoro aliniandikia. Amemaliza nyumba yake ya kwanza ya kupangisha, vyumba sita, na kama sisi wote anataka kuongeza. Aliomba nimtumie tangazo langu la moto alibandike ukutani. Nitamtumia, lakini kwanza asikie tangazo langu la kwanza lilinifikisha wapi.

Nyumba yangu iko Mbagala. Ina vyumba vinane, vinne kila upande, korido katikati, mlango wa mbele unatokea barazani na wa nyuma uani. Habari za kiwanja na mafundi naziruka, mnazijua. Wapangaji walipoingia nilibandika karatasi: "Marufuku kupikia mkaa ndani. Marufuku kuweka vitu koridoni." Nikaona kazi imekwisha.

Masika yakaja, na uani kwangu hapakuwa na paa. Usiku mmoja wa mvua, mama wa chumba cha tatu aliwashia jiko chini ya upenu, akasubiri makaa yakolee, kisha akaliingiza chumbani ili maharage yaivie humo. Dirisha alilifunga kwa sababu ya mvua. Aliamini, kama nilivyoamini mimi, kwamba moshi ukishaisha jiko halina madhara. Mtoto wake akalalamika kichwa, akatapika. Yeye akashikwa na kizunguzungu, akadhani malaria imewapata pamoja. Jirani aliyegonga kuomba chumvi ndiye aliyewakuta. Mama alifungua mlango huku ameegemea ukuta.

Kuwatoa nje kukawa shughuli nyingine. Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa nao mpangaji aliyekuwa kazini zamu ya usiku. Mbele kulikuwa na pikipiki. Korido langu lina futi nne, usukani wa pikipiki unakula mbili na nusu, na kwenye futi moja na nusu iliyobaki zimepangwa ndoo za maji. Jirani alipita ubavu-ubavu na mtoto begani, akarudi kumfuata mama. Hebu fikiria korido hilo umeme umekatika, moto unawaka, na pikipiki ina petroli kwenye tangi.

Hospitali waliwekewa oksijeni, wakapona. Daktari ndiye aliyenifungua macho. Makaa mekundu hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Ukiivuta inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni, na inaing'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Kuisha kwa moshi hakumaanishi hewa hiyo imeisha, na jiko linalofifia chini ya jivu bado linaitoa. Ishara yake ni watu wa chumba kimoja kuumwa kichwa na kusikia kichefuchefu kwa wakati mmoja, bila homa, kisha kupata nafuu wakitoka nje. Ukiona hivyo toa watu kwanza, halafu wapeleke hospitali hata kama wanasema wamepona.

Yule mama aliporudi nilimfokea. "Tangazo hukulisoma?"

"Nililisoma, mama. Halikusema mvua ikinyesha nipikie wapi."

Mwisho wa mwezi alihama bila kuniaga. Neno lile bado linanichoma, maana sikuwa na jibu.

Kodi ya mwezi uliofuata niliijengea banda uani: nguzo nne, bati juu, pande mbili wazi. Mwenye pikipiki alikuwa anaogopa wezi, nikamchimbia pete ya chuma barazani afungie mnyororo. Kufuli la mlango wa nyuma nililitoa, nikaweka komeo la ndani ambalo hata mtoto wa miaka saba analivuta. Ndipo nikabandika tangazo la pili:

"Wapangaji wapendwa, pikieni bandani, hata mvua ikinyesha. Jiko lenye makaa lisiingie chumbani, hata kama halitoi moshi na hata kwa ajili ya joto. Jivu limwagwe kwenye debe la bati lililo uani, si kwenye ndoo ya plastiki. Pikipiki zifungwe barazani. Koridoni pasiwe na kitu, hata ndoo. Mlango wa nyuma ufungwe kwa komeo tu. Moto ukitokea tokeni wote, kisha pigeni Zimamoto 114."

Tangu hapo sijakuta jiko chumbani, na ninajivunia hilo. Wenzangu wenye nyumba, tuache kubandika marufuku ambazo mpangaji hana njia ya kuzitii. Unachukua kodi ya miezi sita, unashindwaje kununua bati nne? Mtu mwenye njaa na mvua atapikia penye paa, na kama paa pekee ni la chumba chake, wewe ndiye uliyemwingiza humo na jiko lake.

Ndugu yangu wa Morogoro, maneno ndiyo hayo, yanakili. Ila kabla ya kubandika, nenda usiku saa nne bila kuwaarifu wapangaji, zima taa ya korido, utembee kutoka chumba cha mwisho hadi nje umenyoosha mikono. Chochote utakachogusa, kitafutie mahali kwanza.