Kwa nini I pekee haitoshi

"Wakuu, nipo Moshi, SDR yangu, yaani redio inayofanya kazi kwa programu ya kompyuta, inatoa mikondo miwili ya sampuli, I na Q, iliyopishana robo mzunguko. Kwa nini nisitumie I tu?"

Mkuu, tuseme umetuni megahezi 98.0, kuna kituo 98.2 na kingine 97.8. Baada ya kuchanganywa na wimbi la 98.0 vyote vinabaki kilohezi 200 kutoka sifuri, kimoja juu na kingine chini, na kwenye I huwezi kuvitofautisha, maana cos(-x) = cos(x). Q ndiyo inayoshika alama ya jumlisha au kutoa: sin(-x) = -sin(x). Kwa cha 98.2, I inaitangulia Q kwa robo mzunguko; kwa cha 97.8, Q inatangulia. Ndiyo maana programu huziunganisha kuwa namba changamano I + jQ.

Ukiona kivuli cha kituo chenye nguvu upande wa pili wa sifuri, yaani wa masafa uliyotuni, umbali uleule, basi I na Q zimepishana ukubwa au hazijaachana digrii 90 kamili. Ukiitupa Q, kivuli kinalingana na kituo chenyewe.