Msihesabu magari tu, hesabuni mapengo: kwa walimu wapya mnaoanza projekti ya takwimu langoni

Jamani walimu wenzangu mnaoanza kufundisha takwimu, najua mmeshaambiwa muwatoe wanafunzi langoni wahesabu magari wachore grafu, na ni kazi nzuri kweli, watoto wanaipenda kuliko zile data za kitabuni za urefu wa watu wasiowajua. Ila mimi mwaka wa kwanza nilivyoifanya niliharibu, nikapata namba safi kabisa ambayo haikumsaidia mtoto yeyote kuvuka barabara, kwa hiyo wacha niwaambie ilivyokuwa ili nyie muanzie mbele kidogo.

Tulihesabu saa nzima asubuhi, kuanzia saa 12:30 mpaka 1:30, tukapata magari 414 ukijumlisha pande zote mbili, pikipiki zikiwemo. Grafu ikabandikwa ukutani, rangi nne, imependeza. Nikampelekea mhandisi mmoja wa barabara nikitegemea atashtuka, akaangalia akasema "mwalimu, hii si barabara yenye magari mengi, ni magari saba kwa dakika." Na hakukosea! 414 gawa kwa 60 ni 6.9. Nikarudi na grafu yangu nimeikunja kwapani.

Kosa lilikuwa kwenye ile saa nzima, maana watoto hawaji shule kwa wastani. Bahati nzuri karatasi za darasa zilikuwa zimeandikwa kwa vipande vya dakika tano tano (hilo nalo lilitokea tu kwa sababu mistari ya daftari ilitosha vipande 12), na tulipovisoma kimoja kimoja vikawa hivi: 18, 21, 24, 30, 38, 55, 61, 58, 40, 27, 22, 20. Angalia pale katikati. Kuanzia 12:55 mpaka 1:10 yamepita magari 174, yaani ndani ya robo saa tu imepita zaidi ya asilimia 40 ya magari ya saa nzima. Na kengele yetu inalia saa 1:15, kwa hiyo wanafunzi nao wanamiminika dakika hizohizo. Kwenye karatasi ya wavukaji tulikuwa na watoto 236, na 131 kati yao walivuka ndani ya ile robo saa. Zaidi ya nusu ya watoto wanakutana na barabara ya aina moja, na wastani wako unaelezea barabara nyingine.

Kwa hiyo la kwanza ni hilo, gawa muda vipande vidogo na upande wa watoto uhesabiwe kwa vipande vilevile. Dakika tano zinatosha. Dakika moja moja grafu inarukaruka hovyo, nusu saa inaficha kila kitu.

Sasa hata hiyo 174 bado haijamjibu mtoto wa darasa la kwanza aliyesimama ukingoni. Yeye hana shida na idadi ya magari, shida yake ni pengo, yaani sekunde ngapi zipo kati ya gari moja na linalofuata, je zinamtosha kufika ng'ambo? Hapo ndipo projekti inapokuwa tamu, kwa sababu mnapima vitu viwili tofauti halafu mnavikutanisha.

Cha kwanza ni muda wa mtoto kuvuka. Msiupime barabarani! Tulipima upana wa lami kwa kamba baada ya masomo, mimi na mlinzi tu, ikawa mita 7, tukaenda kuchora mistari miwili ya chaki uwanjani kwa umbali huohuo. Wadogo wakavuka na mabegi yao mgongoni mmoja mmoja huku wakubwa wanashika stopwochi za simu. Wa haraka alitumia sekunde 5.8, wa mwisho 8.4, na yule wa 8.4 aliinama katikati kuokota kifuniko cha chupa yake ya maji, wanafunzi wakaniuliza "ticha huyu tumfute?" Nikawaambia hapana, huyo ndiye hasa tunayemtafuta, kwani barabarani hataangusha kitu? Hapa mtapata mjadala mzuri wa kwa nini hatuchukui wastani. Ukipanga kivuko kwa mtoto wa wastani, karibu nusu ya darasa wanakutwa bado wako kwenye lami. Tukachukua sekunde 8 kama muda wa wale wa polepole, tukaongeza 2 za kuangalia kushoto na kulia na kuanza kutembea, jumla sekunde 10. Hilo ndilo pengo letu.

Cha pili ni mapengo yenyewe. Kwa darasa la juu kidogo kuna njia ya kukisia kwa hesabu: magari yakipita bila mpangilio wowote, uwezekano wa pengo kuzidi sekunde t ni e kwa kipeo cha hasi qt, ambapo q ni magari kwa sekunde. Kwa robo saa yetu, sekunde 900, andikeni hivi kwenye jedwali la kompyuta:

```
=EXP(-174/900*10)
```

Inatoa kama 0.145, yaani katika mapengo 174 mnategemea takribani 25 ya kuvukika. Ukiweka 414 na 3600 za saa nzima unapata 0.317, zaidi ya mara mbili, na hapo mwanafunzi anaona mwenyewe wastani ulivyotudanganya.

Halafu tukayapima kweli. Mwanafunzi mmoja anagonga kitufe cha "lap" kila gurudumu la mbele linapopita usawa wa nguzo ya umeme, mwingine anaandika. Sekunde zikiingia kwenye safu B unahesabu tu:

```
=COUNTIF(B2:B175,">=10")
```

Tulipata 11. Darasa zima likasema tumekosea, tukarudia siku iliyofuata tukapata 13. Ikabidi tukae tufikirie, na aliyelitatua ni binti mmoja anayekaa upande wa makutano, akasema magari hayaji moja moja, yanasubiriana kule kwenye taa halafu yanaachiwa yote kwa mkupuo. Basi ndio hivyo, fomula inadhani kila gari linajipitia kivyake, barabara yenye taa au tuta huko juu inaleta magari kwa makundi. Mapengo yanakuwa machache ila marefu, na kati ya pengo na pengo mtoto anasubiri sana. Mmoja tulimpima alisimama dakika 1 na sekunde 20. Kusubiri kukizidi kama nusu dakika watu wanaanza kubahatisha, watoto ndio kabisa, na tuliwaona wakikimbia kwenye mapengo ya sekunde 5 na 6. Kwa hiyo pimeni na muda wa kusubiri, mimi sasa nauona ni wa maana kuliko idadi ya magari.

Tahadhari hapa, pengo lazima liwe la pande zote mbili kwa pamoja. Mara ya kwanza kundi la kushoto lilileta mapengo yake na la kulia yake, kila upande unaonekana shwari, kumbe kushoto kukiwa wazi kulia kumejaa. Mgonga kitufe awe mmoja, anagonga gari likitokea upande wowote.

Kuhusu watu wawili kutofautiana: watatofautiana tu. Kwenye kipande kimoja mmoja ana 61 mwingine 54, tulipowauliza tukakuta wa pili hakuhesabu pikipiki zinazopenya pembeni ya lori, na mmoja alihesabu mara mbili gari la mzazi lililoshusha mtoto likageuza. Kubalianeni kabla: baiskeli inaingia au haiingii, linalogeuza ni moja au mawili (sisi tunasema mawili, kwa sababu limempita mtoto mara mbili). Andikeni juu ya karatasi. Na zamu isizidi dakika 20, baada ya hapo macho yanachoka na vijiti vinaanza kuwa vya kukisia. Wahesabuji wote wakae ndani ya uzio, hakuna kuandika namba za magari, na kama mnarekodi video ielekee lami isionyeshe sura za watoto, mkishahesabu ifuteni.

Kasi ni rahisi, msiiruke. Weka alama mbili umbali wa mita 50, pima sekunde, kasi kwa kilomita kwa saa ni 180 gawa kwa sekunde. Sekunde 3.6 ni 50, sekunde 6 ni 30. Kidole kikichelewa sekunde 0.3 ile 50 inageuka 46, hivyo msitangaze gari moja moja, tumieni mengi. Kisha rudisheni kwenye zile sekunde 10 zetu: gari la 50 linakula mita 139 katika muda huo, la 30 linakula 83. Sasa nendeni mkasimame kwa urefu wa mtoto, chuchumaa kabisa, uone unaona mpaka wapi. Pale kwetu kulikuwa na magari ya wazazi yamepaki kabla ya lango, ukichuchumaa unaona mita kama 40. Hapo hata pengo likiwepo mtoto hawezi kulijua.

La mwisho lililonichelewesha zaidi ni mahali. Mwaka mzima nilihesabu langoni kwa sababu ndipo ilipo zebra. Tulipowapa watoto karatasi wachore njia wanayopita kutoka nyumbani, na waweke msalaba pale wanapovukia, misalaba mingi ikarundikana mita 60 hivi kabla ya lango, pale kijia cha miguu kinapotokea barabarani. Hakuna mtoto anayetembea mita 60 pembeni ya barabara isiyo na njia ya miguu ili akavuke kwenye mistari. Anzeni na ramani basi, kisha ndio muamue wahesabuji wakae wapi.

Na mkibadilisha kitu msikipime kwa ajali. Kwenye lango moja ajali ni chache mno, mwaka huu moja, mwakani sifuri, hiyo inaweza kuwa bahati tupu. Sisi tuliwaomba wazazi washushie watoto upande wa nyuma, kengele ikasogezwa mbele dakika 15, tukapima tena wiki tatu baadaye, Jumanne mpaka Alhamisi, saa zilezile, nguzo ileile. Mapengo ya sekunde 10 kwenye robo saa yenye watoto wengi yakawa 19, 22 na 18. Siku ya mvua tuliiweka pembeni peke yake, wazazi wote walirudi langoni, tukapata mapengo 9.