Soko la Kenya liwe la mwisho

Dada mmoja wa Ruashi ameniandikia kwamba alitoka nyumbani alfajiri na mambo manne, akarudi jioni amemaliza moja. Dada, pole. Jumanne iliyopita yalinipata hayohayo, mimi ninayejisifu kwamba Lubumbashi hainipotezi.

Nilikuwa na hati ya duka, dawa za mama na mfuko wa unga. Ninakaa Katuba, soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, liko njiani kwenda mjini, basi nikaanza na unga. Ujinga huo! Nilishinda na mfuko ule siku nzima, manseba, mpokea nauli wa basi, akanitoza nauli ya watu wawili, na mjini nikafika saa nne.

Sasa hati ya duka haipatikani kwa safari moja. Ofisini wanakupa karatasi ya malipo, unakwenda nayo benki, unarudi na bordero, hati ya benki kwamba umelipa, ndipo watie saini na muhuri. Benki nilipanga mstari saa nzima. Karani akainua noti yangu ya dola hamsini kwenye mwanga, akaona imechanika pembeni, mpasuko mdogo kuliko punje ya mchele, akanirudishia. Nikatoka barabarani kwa kambista, mbadilisha pesa, akaichukua kwa hasara yangu, nikarudi nyuma ya mstari. Ofisini nikafika saa nane na nusu. Mlangoni wameandika wanafunga saa tisa na nusu, lakini mwenye saini alishaondoka. "Papa, rudia kesho." Mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo sikilizeni. Jambo lenye kwenda na kurudi ndilo linalopanga siku, mengine yanalifuata. Jumatano saa moja na nusu, bendera inapandishwa, nilikuwa tayari mbele ya ofisi. Nikachukua karatasi, nikawa kati ya watu wa kwanza benki ilipofungua, na noti nilizikagua usiku, moja moja, chini ya taa. Saa nne na robo hati ilikuwa mkononi. Lengo ni kumaliza kabla ya saa sita na nusu, maana shule zikitoa watoto, barabara inaziba na hakuna basi linalosogea.

Duka la dawa halifungi mchana, liweke baada ya hapo. Kenya iwe ya mwisho, ukielekea nyumbani, mzigo usikuzungushe mji. Ila usichelewe: jioni madereva wanakata safari katikati, demi-teren, unalipa mara mbili kufika palepale.

Na kama faili yako inangoja jibu la Kinshasa, usikae kwenye benchi tangu asubuhi. Kwetu ikiwa saa mbili na nusu, kwao ni saa moja na nusu, ofisi bado ina giza. Fanya mengine, upite hapo mchana. Sisi tunawatangulia saa moja, na ukiwapigia saa kumi yetu, kwao ndiyo kwanza saa tisa.