Majibu ya bei nne yanapogongana

"Nimewauliza watu bei nne za bidhaa yangu: rahisi mno, nafuu, ghali na ghali mno. Baadhi yao wamenipa bei zinazogongana. Niyafute majibu yao au niyarekebishe?"

Usirekebishe, ndugu. Kagua kila mtu peke yake: rahisi mno lazima iwe chini ya nafuu, nafuu chini ya ghali, na ghali chini ya ghali mno. Aliyejibu 40, 30, 60, 90 amevunja mpangilio, kwa hiyo mwondoe mzima. Ukimbadilishia namba moja, umeshamjibia.

Wakiwa wengi, kosa liko kwenye swali. Mara nyingi ni lile la rahisi mno: mtu husikia "rahisi" akadhani unamuulizia bei anayoipenda. Liandike hivi: "Ni bei gani ingekuwa ya chini kiasi kwamba ungetilia shaka ubora wake?" Na aone bidhaa, pamoja na ujazo wake, kabla ya kutaja bei yoyote.

Unapochora grafu ya idadi ya watu kwa kila bei, angalia mwelekeo wa mistari. Katika bei ya 50, mstari wa rahisi mno unahesabu wote waliotaja 50 au zaidi kwenye swali hilo. Ule wa ghali mno unahesabu waliotaja 50 au pungufu. Mistari hiyo miwili inapokatana ndipo wanaoikataa bei kwa sababu hizo mbili wanalingana. Hapo bado hujajua wangapi watanunua.