Goti limechubuka: kabla hujafungua ile tyubu

"Mwanangu wa miaka saba kaanguka na baiskeli huku Igombe, goti limechubuka na lina mchanga. Nimenunua tyubu ya antibayotiki. Nipake mara ngapi kwa siku? Na spiriti nianze nayo?"

Dada, spiriti usiimwage kwenye kidonda. Inaunguza hata nyama nzima inayotakiwa kuziba, na mtoto hatakupa tena hilo goti. Haidrojeni peroksaidi nayo ni hivyo hivyo. Lile povu linatufurahisha tu macho. Mimi nimeuza dawa muhimu miaka kadhaa hapa Mwanza, na kazi kubwa kwenye mchubuko hufanywa na maji.

Nawa mikono, jaza jagi maji ya bomba yaliyo safi, au yaliyochemshwa yakapoa, kisha yamimine taratibu juu ya goti kwa dakika tano hadi kumi. Utaona ni muda mrefu. Wengi huishia nusu dakika. Sabuni ipite kwenye ngozi ya pembeni, si katikati. Mchanga uliogoma ufute kwa gozi iliyolowa, au uutoe kwa kibano ulichokisafisha kwa spiriti (hapo ndipo kazi ya spiriti ilipo). Usiuache, maana mbali na kuleta usaha, ngozi ikifunga juu yake hubaki doa jeusi kama chale. Na tafadhali, msimshushe ziwani "akaoshe". Maji ya ufukweni yana vijidudu vyake, na kichocho tunakijua.

Ukishaosha, paka vaselini safi, tabaka jembamba, ufunike kwa gozi au plasta, ubadilishe kila siku au ikilowa. Nasema vaselini mpya, si lile kopo ambalo nyumba nzima inachovya vidole. Majirani watakwambia kiachwe kipigwe na upepo, ila kidonda chenye unyevu kidogo hufunga haraka kuliko kilichokauka gamba. Marekani mwaka 1996 walilinganisha vaselini na mafuta ya antibayotiki ya basitrasini kwa wagonjwa zaidi ya 900 wenye vidonda safi vya upasuaji mdogo wa ngozi. Tofauti ya maambukizi haikuonekana ya maana, lakini waliopata mzio walikuwa upande wa basitrasini.

Huo mzio naujua kwa mguu wangu. Niliteleza kwenye mawe ya ufukweni, muundi ukachubuka. Mtu wa dawa nikajifanya mjuzi: nikapaka mafuta yenye neomaisini, antibayotiki nyingine, mara tatu kwa siku chini ya plasta. Siku ya tano ikaanza kuwasha. Nikasema kimeingia wadudu, nikaongeza dawa. Siku ya saba ngozi ilikuwa nyekundu, ina malengelenge madogo ya maji, na wekundu wenyewe una kingo zilizonyooka kama umepigwa rula, saizi ile ile ya plasta. Tabibu aliangalia akauliza swali moja: "Kinauma au kinawasha?" Kinawasha, nikamjibu. Akasimamisha tyubu, nikabaki na maji na vaselini, akanipa krimu ya kupaka ngozi ya pembeni tu. Wiki mbili baadaye kimekwisha.

Kwa hiyo tofautisha. Mzio huwasha na hufuata mahali dawa ilipogusa. Maambukizi huuma zaidi kila siku, pana joto, wekundu unatambaa nje, usaha unatoka, pengine mtoki unavimba kwenye kinena au homa inapanda. Ukiona mstari mwekundu unapanda mguu, usingoje kesho.

Tyubu yako si ya kutupa. Ina faida kama kidonda kilikuwa kichafu sana, au kimeanza kutoa usaha kidogo juu juu: tabaka jembamba baada ya kuosha, mara moja hadi tatu kwa siku kama karatasi yake inavyosema, kwa siku chache. Siku mbili tatu bila nafuu, nenda kituo cha afya. Ila soma kwanza ubavuni. Zile tyubu za mchanganyiko wa tatu, zenye betamethasoni ndani, si za kidonda. Huchelewesha kupona na hufifisha wekundu ambao ungekuonya. Unga wa kidonge cha rangi mbili nao achana nao, unatengeneza gamba na usaha unajificha chini yake. Nimeosha magamba hayo mengi kuliko ninavyotaka kukumbuka.

Kama mchanga umegoma kutoka, au jeraha ni la kina, la kuumwa na mnyama au kuchomwa na mwiba wa samaki, mafuta ya kupaka hayafiki huko ndani. Mpeleke.

Halafu toa kadi yake ya kliniki. Chanjo za utotoni zenye kinga ya pepopunda huchomwa wiki ya 6, 10 na 14. Ikiwa hajapata nyingine tangu hapo, ameshapita miaka mitano, na jeraha lenye udongo wa barabarani linatosha kumpeleka akaulizwe kuhusu sindano, leo au kesho asubuhi.